Msitu wa hekta 1,000 au 2,000? Hesabu miraba uone

Juzi kijana mmoja kaja ofisini kwetu hapa Mwanza, kitengo cha ramani, ana fotokopi ya ramani ya skeli 1:50,000, anataka kuhakikisha msitu wa kijijini kwao una hekta ngapi maana alishahesabu mwenyewe akapata kama 1,000. Mimi kuutupia jicho tu nikajua sio.

Nimejuaje? Ramani ya skeli hiyo ina mistari ya gridi imechapwa tayari, kila mraba una kilomita moja kwa moja, yaani hekta 100. Tukahesabu pamoja, ile iliyojaa msitu tunaweka tiki, iliyokatwa na mpaka wa msitu tunaweka nukta ili tusirudie. Tiki 11, nukta 18. Nukta unagawa kwa mbili, kwasababu mingine imeingia kidogo mingine karibu yote, zinafidiana, kwaiyo 11 na 9 ni 20, hekta 2,000.

Sasa zile 1,000 zilitoka wapi? Dogo alitumia nailoni yake aliyoichora vibox vya milimita 5, wazo zuri tu, ila fotokopi ilikuwa kipande cha A3 kimebanwa kiingie A4. Nikampa rula apime mraba wa gridi, badala ya sentimita 2 akakuta 1.4 hivi. Urefu ukipungua hivyo eneo linabaki nusu! Gridi iliyochapwa haina shida maana inasinyaa pamoja na ramani, nailoni yako haisinyai.

Tukaleta ramani yenyewe, tukarudia na nailoni ileile. Hapo kila kibox ni mita 250 kwa 250, hekta 6.25. Vizima 268, vilivyokatwa 74, jumla 305, ukizidisha unapata kama hekta 1,906. Alafu nikamwambia sogeza nailoni kidogo uhesabu tena, safari hii 301, tofauti kama hekta 25. Ukiona tofauti kubwa kuliko hapo sana ujue umeruka mstari mahali. Tukaandika "kama hekta 1,900", hizo za mwishoni usizing'ang'anie.

Kwa kitu kidogo kama kisiwa cha Saanane gridi ya kilomita haifai kabisa, kisiwa chote hakijazi mraba mmoja, hapo vibox vidogo ni lazima. Na jamani, sentimita 2 ni kilomita 1 lakini sentimita moja ya mraba SIO nusu kilomita ya mraba, ni robo, hapa hata watu wazima wanaanguka.

Ukihesabu ghuba au ukingo wa ziwa, angalia pia ramani ni ya mwaka gani. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda likaingia mpaka kwenye nyumba na mashamba ya watu, na kwenye ufukwe tambarare maji yakipanda kidogo tu mstari unasogea mbali, kwenye mawe hausogei sana. Kwaiyo andika eneo, na pembeni yake mwaka wa ramani.