Kiungulia na msosi wa usiku: mgebuka, nyanya na pilipili tunavifanyaje

Wengi wanaokuja kwetu kliniki ya lishe hapa Kigoma wanalalamika kiungulia, na wameshaambiwa na majirani waache nyanya, waache pilipili, waache mafuta, wale uji na ndizi za kuchemsha basi. Wanavumilia siku nne ya tano wanarudi kwenye sufuria ya zamani. Siwalaumu, hata mimi nisingeweza.

Nichukue jamaa mmoja fundi wa maboti pale Kibirizi. Anafunga kazi saa mbili usiku, anafika nyumbani Ujiji saa tatu, anakuta mgebuka, samaki wetu wa Ziwa Tanganyika, umekaangwa na kurudishwa kwenye rojo la nyanya lenye mawese ya kuelea juu, pilipili mbuzi imepondwa humohumo, na ugali wa muhogo mlima mzima. Anakula, anakunywa soda, saa nne kasoro keshajilaza. Saa saba usiku anaamka kifua kinawaka na maji machungu yako mdomoni. Yeye lawama zote kazitupa kwa nyanya.

Sa angalia kinachotokea. Kati ya koo la chakula na tumbo kuna msuli unaobana kama mdomo wa mfuko wa kamba, kazi yake kuzuia asidi isipande. Mafuta mengi yanaulegeza huo msuli, halafu yanachelewesha tumbo kumwaga chakula, kwa hiyo mtu analala tumbo bado limejaa na mlango uko nusu wazi. Nyanya yenyewe ina asidi na pilipili inawasha sehemu ambayo tayari ina kidonda au imechubuka, ila hao wawili mara nyingi wanakuta mlango umeshafunguliwa na mafuta, na muda wa kulala, na wingi wa chakula. Ndo maana sikuanza na nyanya, nilianza na kikaango.

Wiki ya kwanza tulibadilisha kukaanga tu. Mgebuka unachomwa au unachemshwa chukuchuku na chumvi na tangawizi kidogo, na mawese yanabaki kijiko kimoja cha chakula kwa sufuria ya watu wanne, yanaunga kitunguu mpaka kilainike kabisa. Dagaa nao hivohivo, loweka, chemsha kidogo, kisha wapitishe kwenye hicho kijiko kimoja badala ya kuwazamisha kwenye mafuta. Msosi ukahama saa moja na nusu, mkewe akawa anampelekea kazini kwa hotpoti, ili yapite zaidi ya masaa mawili kabla ya kulala. Na ugali nusu ya ule wa zamani.

Wiki ya pili tukagusa rojo. Kwaruza karoti mbili, weka na kipande cha boga lililochemshwa na kupondwa, nyanya moja tu iliyotolewa mbegu, bizari ya manjano na majani ya giligilani. Rangi inakuja ileile na uzito upo, ila asidi imegawanywa kwenye sufuria kubwa. Nyanya ya kopo ya kukazia achana nayo usiku, hiyo ni nyanya nyingi zilizokamuliwa pamoja. Kuna wanaotia magadi kukata ukali, yanakata kweli, ila yana chumvi ya kutosha kumsumbua mwenye presha kwa hiyo siyafundishi. Limao pia lisikamuliwe juu ya samaki.

Pilipili mbuzi nayo ina ujanja wa bibi zetu: unaitumbukiza nzima na kikonyo chake, isipasuke, ikishatoa harufu unaiopoa. Unapata ule mnuso wote na ukali kidogo sana. Ikipasuka, bahati mbaya, usiku huo utajua.

Tulibadilisha kimoja kimoja kwa sababu watu hawafanani, ukitoa vyote siku moja hutajua mchawi ni nani. Maziwa kabla ya kulala mi siyaungi mkono, yanapoza dakika chache tu, na yakiwa na mafuta mengi yanarudisha shida ileile. Kitanda chake tuliinua miguu ya upande wa kichwani kwa tofali, kama sentimita 15, maana mito miwili inakunja tumbo tu, na akawa analalia ubavu wa kushoto.

Ila chakula kikikwama ukimeza, ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami au unakonda bila sababu, hayo si ya kutibu kwa sufuria, nenda hospitali. Kifua kikibana na jasho na maumivu kwenda mkononi au taya, nenda saa hiyohiyo, usiite kiungulia.

Fundi wetu wiki ya tatu alijaribu tena nyanya ya kawaida kwenye samaki wa kuchoma, akalala vizuri. Akajaribu mgebuka wa kukaanga usiku, saa saba akaamka. Sasa wa kukaanga anakula Jumapili mchana, na rojo lake, na pilipili imepondwa, halafu anashinda kwa miguu sokoni Mwanga mpaka jioni.