Daftari la mabadiliko kwenye dashibodi: dhana potofu na ukweli

Dhana: Tarehe ya kusasishwa kwa mara ya mwisho, inayoonekana chini ya dashibodi, inamtosha msomaji.

Ukweli ni kwamba tarehe hiyo humweleza msomaji lini takwimu ziliingia, lakini haimwambii kama namna ya kuzikokotoa imebaki ileile. Tuchukue mfano wa kubuni wa halmashauri moja katika Mkoa wa Dodoma inayofuatilia watoto waliopata dozi ya tatu ya chanjo ya Penta, ambayo mtoto hupewa akiwa na wiki 14. Mwaka 2022 walichanjwa watoto 10,800, na kwa kuwa makadirio yaliyotokana na Sensa ya 2012 yalionyesha walengwa 12,000, dashibodi ilisoma asilimia 90. Mwaka uliofuata walichanjwa watoto 10,935, yaani 135 zaidi, lakini walengwa walikuwa wamebadilishwa kufuata Sensa ya 2022 na kufikia 13,500. Dashibodi ikasoma asilimia 81.

Mganga Mkuu wa Wilaya anayeona grafu hiyo bila maelezo ana kila sababu ya kuamini kwamba huduma imeporomoka kwa pointi tisa, na anaweza kupeleka gari, mafuta na watumishi kutafuta watoto waliokatisha chanjo katika kata ambazo hazikuzorota hata kidogo. Walengwa 13,500 wakitumika kwa miaka yote miwili, kiwango kinapanda kutoka asilimia 80 hadi 81. Kwa hiyo andiko katika daftari la mabadiliko, yaani kumbukumbu ya kila kinachobadilishwa kwenye dashibodi, linapaswa kutaja tarehe ya badiliko, kilichobadilika, hali ya kabla na ya baada, sababu, aliyeidhinisha, na jambo ambalo husahauliwa mara nyingi: kama miaka ya nyuma imekokotolewa upya au imeachwa ilivyokuwa. Katika mfano wetu sentensi hii ingetosha: "Kuanzia takwimu za Januari 2023, walengwa wa Penta 3 wanatokana na Sensa ya 2022 badala ya makadirio ya Sensa ya 2012, mwaka 2022 na iliyotangulia haikukokotolewa upya, hivyo isilinganishwe moja kwa moja na 2023."

Dhana: Badiliko linalofanywa leo linahusu takwimu za kuanzia leo.

Jibu linategemea kilichoguswa. Katika DHIS2, mfumo unaotumika nchini kwa taarifa za afya, idadi ya walengwa huhifadhiwa kwa kila mwaka, kwa hiyo kuingiza idadi mpya ya 2023 hakugusi 2022. Kanuni ya kiashiria, yaani hesabu inayotoa asilimia hiyo, kwa upande wake hutumika kila takwimu zinapoitwa, na mtu akiibadilisha leo asubuhi, asilimia za miaka yote zinabadilika kwa pamoja, ilhali taarifa iliyochapishwa mwaka juzi bado ina tarakimu za zamani. Hii ndiyo hali ninayoiona kuwa ya hatari zaidi, kwa sababu grafu haionyeshi mruko wowote wa kumshtua msomaji. Dalili yake hujitokeza pale tu mtu anapoweka taarifa ya zamani kando ya dashibodi na kukuta asilimia mbili tofauti kwa mwaka uleule, na bila daftari hawezi kujua ni ipi ilikokotolewa kwa kanuni gani. Mfumo hutunza tarehe ya mwisho ya kuhaririwa kwa kiashiria katika sehemu iitwayo `lastUpdated`, lakini tarehe hiyo peke yake haisemi kanuni ilikuwaje hapo awali.

Dhana: Ratiba ya kusasisha ni suala la mafundi na haibadilishi maana ya takwimu.

Dashibodi iliyokuwa ikisasishwa mara moja kwa mwezi, baada ya vituo vyote kuleta taarifa, ikianza kusasishwa kila usiku, nguzo ya mwisho ya grafu itakuwa fupi karibu kila mwezi, kwa kuwa inahesabu vituo vilivyokwisha kuripoti pekee. Andiko la badiliko hilo lieleze kwamba mwezi unaoendelea haujakamilika, na kando ya nguzo hiyo iwekwe asilimia ya vituo vilivyoripoti.

Dhana: Kuanika mabadiliko kunapunguza imani ya watumiaji, na andiko lililokosewa ni bora lifutwe.

Mtumiaji aliyekwisha kunakili tarakimu katika mpango wa bajeti ya halmashauri atagundua tofauti hata asipoambiwa, na hapo atashuku dashibodi nzima. Andiko lenye kosa liachwe mahali pake, na chini yake liongezwe jipya linalolirekebisha na kutaja tarehe ya lile la kwanza. Daftari lenyewe lifunguke kutoka kwenye kiashiria kinachohusika, na grafu ipigwe mstari wa wima katika mwezi wa badiliko, kwa sababu ukurasa uliofichwa ndani ya menyu hausomwi na mtu mwenye kikao cha bajeti baada ya nusu saa.