Boksi la kikoba likiwa na hela pungufu

"Tumechanga milioni moja, kwenye boksi kuna 465,000 tu, si mweka hazina kala?"

Wasiwasi unaeleweka, ila boksi linaonyesha keshi tu, hela iliyo kwa waliokopa haimo humo. Tuseme kikoba cha Mbagala, watu 20, kila mmoja 10,000 kwa wiki 5, ndo hiyo milioni. Mikopo imetoka 700,000, imerudi 150,000 na riba 15,000, kwahiyo milioni toa 700,000 jumlisha 165,000 unapata 465,000 ileile, na wadaiwa bado wana 550,000. Ikipungua hapo, pitia daftari la pamoja mstari kwa mstari na meseji za miamala, mara nyingi kuna mkopo wa dharura haukuandikwa. Hata ikilingana cheki mstari wako, maana rejesho likiandikwa kama hisa keshi inakaa sawa ila deni lako halishuki.