Breka Kubwa Haitatui Tatizo la Toroli la Vishikwambi

Karibu kila shule ninayoitwa hapa Mombasa huniambia jambo lile lile: "Fundi, breka hii imechoka, tuwekee kubwa zaidi."

Dhana hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote, kwa sababu breka haipo kulinda chaja, bali waya ulio ndani ya ukuta. Katika shule moja ya Kisauni nilikuta matoroli matano ya kuchajia vishikwambi 40 kila moja, na kila chaja ikivuta takriban wati 20. Jumla ni wati 4,000, ambazo kwa stima ya volti 240 ni kama ampea 17. Kiyoyozi cha ampea 10 kilikuwa kwenye laini hiyo hiyo, hivyo mzigo wote ulifika ampea 27, ilhali breka ilikuwa ya 20 na waya wa milimita 2.5 za mraba. Breka ilikuwa ikikata baada ya nusu saa hivi, jambo linaloonyesha kwamba ilikuwa ikifanya kazi yake barabara. Mtu akaiondoa, akaweka ya 32. Haikukata tena, lakini nilipofungua soketi, plastiki ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia na ganda la waya likavunjika vidoleni kama kijiti kikavu.

Nilirudisha breka ya 20, kisha nikagawa matoroli kwa zamu: mawili, mawili, halafu moja. Matoroli mawili huvuta ampea 7, na pamoja na kiyoyozi ni 17. Kishikwambi huvuta sana mwanzoni na hupunguza kadiri betri inavyokaribia kujaa, kwa hiyo zamu ya pili inaweza kuanza baada ya saa mbili hivi bila kusubiri kila kimoja kifike asilimia 100. Kiyoyozi hakikuwa na haki ya kuwa kwenye laini ya soketi, nami nilishauri kiwekewe yake.

Wengine huamini kwamba breka inayokata papo hapo swichi inapowashwa, au stima inaporudi, pia imezidiwa na mzigo. Mara nyingi huo ni msukumo wa mkondo wa chaja nyingi zinazoamka kwa pamoja, na hudumu sehemu ndogo sana ya sekunde. Dawa yake ni kuwasha toroli moja moja, kwa kupishana sekunde chache. Ikiwa hata toroli moja peke yake linaikata, tafuta shoti.

Na ukitaka zamu zijiwashe zenyewe, taima ya kuzungusha kwa mkono haimalizi kazi. Stima ikipotea kwa saa moja, nayo husimama kwa saa moja, kisha zamu zote huchelewa. Nunua yenye betri ya akiba, na uhakikishe uwezo wake unatosha mzigo wa matoroli inayoyawasha.