Topapu: makato yale yale, deni jipya

Topapu, yaani mkopo wa nyongeza, ni mkopo anaokupa yule yule anayekudai kabla hujamaliza kumlipa. Wakopaji wengi huiona kama fedha kidogo zilizowekwa juu ya deni la zamani. Kwenye vitabu vya benki mambo si hayo. Unafunguliwa mkopo mpya mzima, sehemu yake inalifuta deni la zamani, na kinachobaki ndicho unachopewa mkononi. Hesabu ya miezi inaanza tena moja.

Tumchukue mwalimu wa skuli mmoja wa Wete, mfano tu. Alikopa shilingi 6,000,000 kwa miezi 48, riba asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya salio. Makato yake ni 176,250 kila mwezi. Miezi 24 imepita, ameshalipa 4,230,000, na nyumba bado haijaezekwa. Anauliza salio na kuambiwa 3,530,000. Hapo wengi hushituka, maana nusu ya muda imekwisha lakini deni halijashuka hadi nusu. Hajaibiwa. Mwezi wa kwanza, kati ya 176,250 alizokatwa, 90,000 zilikuwa riba. Sasa riba ya mwezi imeshuka mpaka kiasi cha 53,000, na sehemu kubwa zaidi ya makato sasa inakula deni lenyewe.

Ni wakati huu hasa ndipo anapoambiwa: "Mwalimu, unaweza kuongezewa, na makato yako hayabadiliki." Kweli hayabadiliki. Anapewa tena mkopo wa 6,000,000 kwa miezi 48. Deni la zamani linafutwa, zinabaki 2,470,000. Tuseme ada ya mkopo na bima ni asilimia 2 kwa jumla: zinakatwa 120,000, naye anaondoka na 2,350,000. Angalia kwamba ada imepigwa juu ya milioni sita zote, ingawa zaidi ya nusu yake ni deni ambalo alishalilipia ada mara ya kwanza.

Wepesi wake unaeleweka. Mkopeshaji anao mshahara wake, cheki namba yake na historia ya malipo, kwa hiyo karatasi ni chache. Mkopo wa pili wa pembeni ungeongeza makato na pengine kugonga ukomo wa kiasi kinachoruhusiwa kukatwa kwenye mshahara. Topapu haigusi ukomo huo. Na kwa kuwa alishazoea kuishi bila ile 176,250, haoni kilichopungua.

Kilichoongezeka ni miezi. Angemaliza baada ya miezi 24, sasa atamaliza baada ya 48. Ile miezi 24 ya ziada, mara 176,250, ni 4,230,000. Basi 2,350,000 alizopokea zinamgharimu 1,880,000 juu yake. Sehemu ya gharama hiyo haihusiani kabisa na mabati mapya: deni la zamani lililokuwa limebakiza riba ya kama 700,000 limetandazwa upya kwa miezi 48, na riba yake imepanda mpaka karibu 1,447,000.

Kwa hiyo swali la kumuuliza afisa mikopo si "makato yatakuwa kiasi gani?" Muulize salio la kufunga mkopo leo, kiasi kitakachoingia mkononi baada ya ada zote, na tarehe ya makato ya mwisho. Kisha zidisha makato mapya kwa miezi yake yote, toa jumla ya makato yaliyobaki ya zamani, na ulinganishe na cha mkononi. Penye riba bapa, inayohesabiwa juu ya mkopo wa mwanzo hata deni likipungua, kuwa makini zaidi na hilo salio la kufunga. Likiwa limebeba riba ya miezi ambayo haijafika, utakuwa unakopa ili ulipe riba, kisha unailipia riba hiyo riba nyingine.

Muda nao unazungumzika. Mwalimu wetu akiomba miezi 36 badala ya 48, makato yanakuwa kama 216,900. Ni kama 40,650 zaidi kwa mwezi, lakini gharama ya nyongeza inashuka kutoka 1,880,000 hadi karibu 1,229,000.

Kwa aliyechukua murabaha kwenye benki ya Kiislamu, hesabu ni nyengine: hilo ni deni la bei ya kitu kilichouzwa, na bei ikishafungwa haiongezwi kwa sababu ya kuongeza muda. Haja mpya inataka bidhaa mpya na mkataba wake.

Ukishasaini, chukua barua ya kufungwa kwa mkopo wa zamani, na uitazame hati ya mshahara ya mwezi unaofuata. Makato ya zamani yasipoondolewa kwa wakati, utakatwa mara mbili, na fedha hizo hurudi kwa anayezidai kwa maandishi.