Hakuna Orodha ya Makabila ya 1926

Wiki iliyopita nimeletewa ombi lilelile tena. Kijana wa Bombo, mji wa Wanubi hapa Uganda, alikuja na fomu zake za kitambulisho zimekunjwa ndani ya bahasha, akanikalia mbele na kusema, "Mwalimu, nitolee nakala ya ile orodha ya makabila ya 1926. Nataka wakaone kwa macho yao kwamba sisi Wanubi tumo." Karani aliyempokea fomu alikuwa amesoma jina la babu yake, akalitambua kuwa la Kilugbara, akamwambia yeye si Mnubi halisi, arudi akajaze kabila lake la kweli.

Nimeshachoka na orodha hiyo. Wanafunzi wanaiulizia, mawakili wanaiulizia, wazee wanaoandaa maombi ya koo zao wanaiulizia. Wote wanaamini kwamba tarehe 1 Februari 1926 Mwingereza alipita nchi nzima na daftari, akahesabu makabila ya Uganda, na daftari hilo limefungiwa mahali fulani. Hakupita. Siku hiyo haikuhesabiwa hata kaya moja. Sensa za kikoloni zilifanyika 1911, 1921, 1931, 1948 na 1959. Tarehe 1 Februari 1926 ni tarehe ya mpaka: ndiyo siku Mkoa wa Rudolf, nchi ya Waturkana magharibi mwa Ziwa Turkana, ulipotolewa Uganda na kuhamishiwa Kenya, na ramani yetu ikakaribia sana hii tunayoijua leo.

Orodha ambayo watu wanaitafuta ni Jedwali la Tatu la Katiba, nayo iliandikwa mwaka 1995. Kifungu cha 10 kinasema ni raia wa kuzaliwa yule aliyezaliwa Uganda ambaye mzazi wake au babu au bibi yake mmoja ni wa jamii za asili zilizokuwa zikiishi ndani ya mipaka ya nchi siku hiyo ya 1926, jamii zilizotajwa katika jedwali. Zilikuwa 56. Mwaka 2005 Bunge likarekebisha Katiba na zikawa 65. Miongoni mwa zilizoongezwa ni Waaringa wa Yumbe, ambao kabla ya hapo walikuwa wakiandikwa Walugbara. Sasa nauliza: Waaringa walikuwapo 1926 au hawakuwapo? Walikuwapo, kwenye vilima vyao vilevile. Kilichobadilika ni nani aliyewatetea bungeni. Jedwali linavaa tarehe ya 1926, lakini majina yaliyomo yana historia nyingine, na historia hiyo ndiyo inayostahili kuulizwa.

Majina mengi yametoka kwenye kazi ya kuhesabu watu kwa ajili ya kodi na utawala. Hesabu za 1911, 1921 na 1931 zilipitia kwa machifu: Bwana DC, mkuu wa wilaya wa kikoloni, alituma agizo kwa chifu wa saza, naye kwa wa gombolola, naye kwa wa chini yake, kisha namba zikapanda kwa njia hiyohiyo. Chifu alihesabu watu wake, wale waliomlipa kodi kupitia kwake. Kwa kuwa wilaya nyingi zilishapewa majina ya watu, kama Lango, Teso na Ankole, aliyehesabiwa ndani ya wilaya alielekea kuingia katika jina la wilaya. Mtu wa Buhweju au Igara, nchi zilizokuwa na watawala wao kabla ya kuunganishwa chini ya Mkataba wa Ankole wa 1901, akawa Munyankole. Mwaka 1948 ndipo sensa ikafanywa na makarani waliofundishwa kuuliza maswali, na kabila likawa swali kwa kila Mwafrika. Jibu lilikuwa moja tu. Hakukuwa na nafasi ya kusema "baba huku, mama kule," wala "nyumbani naitwa hivi, kazini naitwa vile."

Hapa wasomi wenzangu huruka na kusema basi, wakoloni ndio waliobuni makabila. Kauli hiyo nayo inaniudhi, pengine kuliko ya kwanza, kwa sababu inamfanya DC kuwa na uwezo ambao hakuwa nao. Tazama Bukedi. Wakedi ni jina ambalo majirani waliwaita watu wa mashariki ya Kyoga, nalo lilikuwa jina la kejeli lenye maana ya watu walio uchi. Serikali ikalichukua, ikaipa wilaya nzima, ikaliandika kwenye mihuri na barua kwa miaka mingi. Je, lilizaa kabila? Halikuzaa. Ndani ya wilaya hiyo Wagwere walibaki Wagwere, Wanyole wakabaki Wanyole, Wajopadhola wakabaki Wajopadhola, na hao ndio utakaowakuta katika Jedwali la Tatu. Mkedi humkuti. Kalamu ya DC iliweza kuandika chochote, lakini jina lilishika pale tu watu walipokuwa na sababu ya kulijibu: ardhi, kodi nafuu, kiti cha baraza, ajira, shule.

Wanubi walikuwa na sababu, na ndiyo maana nawatumia kila ninapofundisha jambo hili. Mwaka 1891 Lugard, afisa Mwingereza, aliwakuta Kavalli, upande wa Ziwa Albert, mabaki ya jeshi la Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Misri kusini mwa Sudan, chini ya Selim Bey. Akawaajiri askari kwa mamia, wakaja na wake, watoto na wafuasi kwa maelfu. Wachache mno walitoka Nubia yenyewe. Walikuwa Wabari, Wamakaraka, Wamundu, Wakakwa, Wadinka na wengine, waliounganishwa na kambi, Uislamu na Kiarabu cha askari kilichokuja kuwa Kinubi. Waingereza waliwaandika mara "Wasudani", mara "Wanubi", na kwa mtawala maana yake ilikuwa kundi la askari na familia zao lisilo na wilaya wala chifu wa kuwahesabu. Hata baada ya uasi wao wa 1897 jeshi halikuacha kuwategemea, na kambi ya Bombo ikawa mji wao.

Sasa mchukue kijana mmoja wa Terego, huko West Nile, katika miaka ya 1920. Huyu ni mfano, lakini familia kama yake ninazijua nyingi. West Nile imeingizwa Uganda mwaka 1914 tu. Kijijini kwake akiulizwa yeye ni nani atataja ukoo, na "Lugbara" ni neno asilolihitaji, kwa kuwa kila anayemwuliza ni Mlugbara. Anaposhuka kusini kutafuta kazi ya mashamba ya miwa au jeshi, karani anaandika "Lugbara", na kwa mara ya kwanza jina hilo linakuwa lake. Anaandikishwa Bombo. Anasilimu, anaitwa Ramadhani, anajifunza Kinubi, anaoa binti wa askari. Mkewe anafuma kawa za ukindu wa rangi na kujifunga gurbaba, watoto wanakula kisra na kusoma chuoni kwa Kinubi. Karani wa sensa ya 1948 anapobisha hodi, Ramadhani anajibu "Mnubi", nao watoto wanaandikwa Wanubi. Fomu mbili, majibu mawili, na hakuna mahali alipodanganya. Unubi ulikuwa mlango ambao mtu aliingia kwa dini, lugha na ndoa. Jedwali la sensa halina safu ya mlango. Lina safu ya jumla, na jumla hiyo humfanya msomaji adhani kwamba waliohesabiwa wote walizaliwa humo.

Kisha ukaja wakati wa Amin. Utawala wake uliwapandisha vyeo wengi wa West Nile, na waliotaka kujisogeza karibu nao walijiita Wanubi. Ulipoanguka 1979 kulipiza kisasi hakukuuliza nani aliingia lini. Watu walikimbilia Sudan na Zaire, na waliobaki, wengi waliliweka jina hilo sandukuni. Waliokuwa na nyumba ya pili walirudi humo: aliyekuwa Mnubi akasema yeye ni Mkakwa, mwingine Mlugbara, mwingine alinyamaza na kusema Kiganda. Kwa hiyo ukiona idadi ya Wanubi katika sensa moja haifanani na unavyotarajia kutoka kwenye nyingine, usikimbilie kueleza kwa uzazi na vifo. Angalia kwanza kama mwaka huo ulikuwa mwaka wa kujitaja au wa kujificha.

Nirudi kwa kijana wangu na bahasha yake. Fomu ina kisanduku cha kabila na kisanduku cha ukoo. Mkakwa wa Koboko anaandika "Kakwa" kwenye cha kwanza. Mnubi wa Bombo ambaye jadi yake ilitoka huko anaandika "Nubi" kwenye cha kwanza, na "Kakwa" kwenye cha pili, kwa sababu ndani ya Unubi majina hayo ya zamani ndiyo koo. Neno moja, visanduku viwili, na yote ni kweli. Karani aliyefundishwa kwamba kabila ni damu ataona udanganyifu, hasa akishika fomu ya mtu ambaye babu yake aliingia kama Ramadhani.

Kuna jambo ambalo silisemi darasani kwa wepesi. Nilizoea kufundisha kwamba orodha hizi ni kosa la kikoloni linalopaswa kufutwa. Siku hizi nasita. Wamaragoli wa Kiryandongo, ambao hawamo katika jedwali, wamehangaika na vitambulisho huku wakiwa wamezaliwa hapa. Mnubi wa Uganda akiwa ndani ya orodha ana neno la kushika, na wenzao wa Kibera walikaa miaka mingi wakitajwa kwenye sensa ya Kenya kama "wengineo". Nikiifuta orodha kwa hoja yangu nzuri ya historia, nani atamlinda Ramadhani? Na sina hakika tena kwamba ukuta huu ulijengwa na serikali peke yake. Wazee wa Bombo walisimama mlangoni wao wenyewe, wakiamua nani aolewe na nani, nani azikwe wapi.

Kijana sikumpa nakala ya 1926. Nilimpa nakala ya Jedwali la Tatu, nikapiga mstari chini ya neno "Nubi", na nikamsindikiza kwa bibi yake mzaa baba ambaye bado yu hai. Bibi alitaja kwa mpangilio majina ya waliomtangulia mumewe, la kwanza Kilugbara, yaliyofuata ya Kiislamu, na akaonyesha kwa kidole upande wa makaburi ya askari. Tukaandika kabila: Nubi. Ukoo: Lugbara. Jumatatu anarudi kwenye lile dirisha, na bibi amesema atakwenda naye.