Fomu ya kufungua akaunti Kigoma: yanayodhaniwa na yalivyo

Tumchukue mteja mmoja wa kawaida: mama anayeuza dagaa Kibirizi, amekuja tawi la benki Kigoma Mjini kufungua akaunti binafsi. Ana kitambulisho cha NIDA, simu, na fomu aliyojaziwa na mwanawe usiku uliopita. Mwanafunzi wa mazoezi ndiye anayeipokea, anailinganisha na kitambulisho, kisha anaipeleka kwa afisa. Dhana potofu nyingi za kazi hii huzaliwa hapo hapo, kati ya kupokea na kupeleka.

Dhana: Namba ya NIDA ni ya kunakili tu, mfumo utaihakiki wenyewe.

Namba hiyo ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Kwa hiyo inasomeka kwa macho kabla ya kugusa kompyuta. Tuseme namba ya mama huyu inaanza na 19870912. Hiyo ni tarehe 12 Septemba 1987. Kwenye fomu, mwanawe ameandika 09/12/1987, yaani 9 Desemba. Hakudanganya. Aliitoa tarehe kwenye namba akaziacha tarakimu zifuatane vilevile, mwezi ukakaa mahali pa siku.

Kosa hili halijitangazi, maana 09/12 ni tarehe halali kabisa. Lingekuwa 09/25, kila mtu angeliona. Likiingia kwenye kumbukumbu za benki, litangoja hadi siku mama atakapopoteza simu au kusahau namba ya siri. Ataulizwa tarehe ya kuzaliwa, ataitaja ya kweli, na ataonekana si yeye. Ukaguzi huo huo hunasa pia kadi iliyochezewa: tarehe iliyochapwa kwenye kadi ikitofautiana na tarakimu 8 za mwanzo, usiendelee. Mpe afisa.

Dhana: Kivuli cha kitambulisho kinatosha, hasa kikiwa na mhuri wa mwanasheria.

Kivuli huficha mambo mengi. Picha iliyobandikwa juu ya nyingine, ukingo uliofunuliwa, herufi zilizokwanguliwa: mashine ya kutolea kopi huyafanya yote yawe weusi mmoja. Ndiyo maana kadi halisi hushikwa mkononi, sura ya mteja ikatazamwa pamoja na picha, na kivuli kikatolewa pale pale tawini. Kisha huandikwa juu yake kwamba halisi imeonekana, pamoja na jina, saini na tarehe ya aliyeiona.

Maneno hayo ni ushahidi wa mtu, na mwenye kuyatia saini ni mfanyakazi aliyeidhinishwa. Ukiambiwa, "Andika tu, mimi nitasaini baadaye," na afisa hajaiona kadi, kataa kwa adabu na umwombe mteja asubiri dakika mbili.

Dhana: Ramadhani na Ramadhan ni mtu yule yule, herufi moja haina shida.

Mtaani ni yule yule. Kwenye malipo si lazima. Jina la akaunti hufuata kitambulisho herufi kwa herufi, na kwa mpangilio ule ule wa majina matatu, kwa sababu fedha zinazoingia kutoka nje ya benki hulinganishwa na jina hilo na zinaweza kurudi zilikotoka. Kama nyaraka zake mbili zinapingana, benki haichagui ipi ni sahihi. Mteja hurekebisha NIDA au huleta kiapo cha majina, kadiri afisa atakavyoelekeza.

Dhana: Kosa dogo lifute kwa wino mweupe, fomu ibaki safi.

Fomu safi kupita kiasi ndiyo inayotiliwa shaka. Wino mweupe huficha kilichokuwapo, na siku ya mgogoro hakuna atakayejua kama kilibadilishwa mbele ya mteja au nyuma yake. Kosa la anwani hukatwa kwa mstari mmoja unaoacha maandishi ya zamani yasomeke, anwani iliyo sahihi ikaandikwa juu, mteja akatia saini pembeni. Kosa likiwa kwenye jina, namba ya kitambulisho au sampuli ya saini, chukua fomu mpya. Ile iliyoharibika usiitupe kwenye ndoo ya taka. Ina kila kitu anachohitaji tapeli, hivyo mkabidhi msimamizi akaiharibu kwa utaratibu wa tawi.

Mteja asiyejua kusoma husomewa fomu yote kwa sauti, kisha huweka dole gumba mbele ya shahidi. Wewe uliyemjazia usiwe shahidi huyo.

Dhana: Kwenye chanzo cha kipato andika "biashara", inatosha.

Hapa ndipo wanafunzi wengi huharakisha, na ndipo pana uzito kuliko kote. Neno "biashara" halisemi kitu. Uliza: anauza nini, ananunua wapi, kwa mwezi anatarajia kuweka kiasi gani, na fedha ni zake au anamwekea mtu mwingine?

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikikolea, taa hazivuti dagaa vizuri, na wavuvi wengi hupumzika siku kadhaa. Basi fedha za mama huyu haziji sawasawa kama mshahara: zitakuja kwa wingi giza likiwapo, zitapungua mwezi ukiwa mpevu. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei hadi Agosti. Fomu inayosema "mauzo ya jumla ya dagaa wakavu, huuza kwa mafungu, kipato hupanda na kushuka" inamlinda. Siku akiweka fedha nyingi kwa mkupuo, mkaguzi ataona sababu iko tayari kwenye faili. Penye neno "biashara" tupu, muamala huo huo utaonekana wa ajabu, naye ataitwa kujieleza.

Swali la fedha ni za nani lina sababu yake. Wenye fedha haramu hupenda kutumia akaunti za watu wengine, na mwenye jina ndiye hubaki na kesi. Mteja akimtazama mtu aliyesimama mlangoni kila unapomuuliza, usimhoji zaidi wala usimwambie kwamba umeshuku. Kumtonya anayeshukiwa ni kosa kisheria. Mwone msimamizi wako faraghani.

Dhana: Anayeongea kama Mrundi akaguliwe zaidi.

Kiha na Kirundi vinasikilizana, na majina yanafanana pande zote mbili za mpaka. Lafudhi haithibitishi uraia. Kinachoangaliwa ni nyaraka, kwa hatua zile zile kwa kila mteja. Asiye raia ana nyaraka zake, na afisa ndiye anayejua zipi zinakubalika.

Dhana: Kupiga picha kitambulisho kwa simu yangu na kumtumia afisa kwa WhatsApp kunaokoa muda.

Picha hiyo hubaki kwenye simu yako, kwenye simu ya afisa, na pengine kwenye hifadhi ya mtandaoni inayojinakili yenyewe. Ukimaliza mazoezi unaondoka na vitambulisho vya watu mfukoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi maalumu na zilindwe, na simu yako haimo katika ulinzi huo. Kama mashine ya kopi imeharibika, mwambie msimamizi.

Ikiwa nzima, ifunue kifuniko kila unapomaliza. Vitambulisho vingi husahaulika chini yake, huku mteja akiwa tayari ameshapanda bodaboda kurudi Kibirizi. Mrudishie kadi mkononi, umwombe aitazame kama ni yake, ndipo umwite anayefuata.